Ramani ya pili ya krigingi: inachokijua na isichokijua

Ukifanya krigingi kwenye kompyuta, yaani ukikadiria thamani za sehemu ambazo hazikupimwa kutoka kwenye sampuli za jirani, unapata ramani mbili. Ya kwanza ni ya makadirio, ile yenye rangi nzuri ambayo bosi anaitaka. Ya pili ni ya variansi ya makadirio, na hiyo mara nyingi naikuta imesukumwa kwenye kiambatisho mwisho wa ripoti, bila sentensi hata moja ya maelezo. Ikipata maelezo, huwa ni haya: "maeneo yenye rangi nyeusi ni yale ambayo makadirio hayana uhakika." Si uongo, lakini inategemea unamaanisha uhakika gani. Ramani hiyo imejengwa juu ya kitu kimoja tu ulichokiamua wewe mwenyewe mapema, nacho ni variogramu, mstari unaoeleza jinsi vipimo vinavyotofautiana kadiri umbali kati yake unavyoongezeka. Ukiikosea variogramu, ramani ya kwanza inaweza kukusamehe, ila ya pili haisamehi.

Nitatumia data ambayo kila aliyejifunza somo hili kwa R ameigusa: sampuli za udongo za bonde la mafuriko la mto Meuse, karibu na kijiji cha Stein, kusini mwa Uholanzi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utrecht walichukua udongo wa juu katika sehemu 155 na kupima kadimiamu, shaba, risasi na zinki. Mto huo ulibeba metali kutoka maeneo ya viwanda ya juu yake, na kila ulipofurika uliacha tope lenye metali kwenye kingo. Ndiyo maana zinki ni nyingi karibu na maji na inapungua kadiri unavyosogea mbali. Kipimo cha chini kabisa ni miligramu 113 kwa kilo ya udongo, cha juu kabisa ni 1,839. Data zimo ndani ya kifurushi cha `sp`, kwa hiyo unaweza kufuata haya yote kwenye mashine yako bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kwa nini tusiende na wastani wa majirani tu? Hilo ndilo swali alilokabiliana nalo Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, alipokuwa akikadiria dhahabu ya Witwatersrand kutoka kwenye sampuli chache, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mfaransa Georges Matheron ndiye aliyeigeuza kazi hiyo kuwa nadharia kamili na kuipa jina la Krige. Kiini chake ni kwamba uzito wa kila jirani usikisiwe, bali utoke kwenye data zenyewe: sehemu mbili zilizo umbali fulani huwa zinatofautiana kiasi gani?

Variogramu ndiyo jibu la swali hilo. Unachukua kila jozi ya sampuli, unatafuta tofauti ya vipimo vyake, unaizidisha kwa yenyewe, kisha unagawa kwa mbili. Jozi zenye umbali unaokaribiana unaziweka kundi moja na kutafuta wastani. Zinki ina thamani chache kubwa mno zinazoweza kuvuruga wastani wa aina hii, kwa hiyo tunafanya kazi na logi asilia ya zinki.

```r
library(sp)
library(gstat)
data(meuse)
coordinates(meuse) <- ~x+y
v <- variogram(log(zinc) ~ 1, meuse)
m <- fit.variogram(v, vgm(1, "Sph", 900, 1))
```

Andika `v` uone jedwali. Wengi hukimbilia kuchora grafu, mimi naanza na safu ya `np`, yaani idadi ya jozi katika kila kundi. Sampuli 155 zinazaa jozi 11,935. Kundi la kwanza, lenye wastani wa umbali wa mita 79, lina jozi 57 tu. La pili, la mita 164, lina 299, na yanayofuata yana mia nne, mia tano na kuendelea. Kwa maneno mengine, sehemu ya grafu iliyo muhimu kuliko zote ndiyo yenye ushahidi mdogo kuliko zote. Tutairudia.

Namba za `gamma`, yaani wastani huo wa kila kundi, zenyewe hazimwambii mtu kitu mpaka uzitoe kwenye logi. Kundi la kwanza lina 0.123. Zidisha kwa mbili, tafuta kipeuo cha pili, unapata 0.50, na `exp(0.5)` ni kama 1.6. Maana yake, sampuli mbili zilizoachana mita 79 kwa kawaida zinatofautiana kwa mara 1.6: moja ikiwa na zinki 300, nyingine inaweza kuwa na 480 au 190, na hilo lisikushangaze. Kwenye mita 1,000 `gamma` ni 0.69, na hesabu hiyohiyo inatoa mara 3.2. Nawashauri vijana wa maabara waandike namba hizi mbili pembeni kabla ya kugusa modeli yoyote, kwa sababu ndizo atakazoelewa hata bwana shamba ambaye hajawahi kusikia neno variogramu.

Sasa modeli. Krigingi haiwezi kutumia nukta kumi na tano za jedwali. Inahitaji mstari unaotoa thamani kwa kila umbali, na mstari huo lazima uwe wa aina ambayo kihesabu haiwezi kuzaa variansi hasi. Ndiyo maana tunachagua kutoka kwenye orodha fupi. Modeli ya tufe (`Sph`) hupanda karibu moja kwa moja, kisha inakata kona na kulala. Ya kielezo (`Exp`) hupanda kwa kasi mwanzoni na kuendelea kusogea taratibu bila kufika kabisa. Ya Gauss (`Gau`) huanza ikiwa imelala, kama kitako cha bakuli, ndipo inapanda.

Kwa Meuse, modeli ya tufe inakaa vizuri. Matokeo ya `m` ni nageti ya 0.05, sehemu ya muundo ya 0.59, na upeo wa mita 897. Nageti ni pale mstari unapoanzia: tofauti inayobaki hata umbali ukikaribia sifuri. Jumla ya namba mbili za mwanzo, 0.64, ndiyo dari ambapo mstari unalala. Upeo ni umbali ambao ukishauvuka, kujua sampuli moja hakukusaidii tena kuikisia nyingine. Hapa kuna mtego mdogo: kwa modeli ya kielezo, namba inayoandikwa `range` si upeo unaouona kwenye grafu. Ule unaouona ni kama mara tatu yake. Nimeshasoma ripoti zilizolinganisha `range` ya modeli hizo mbili na kuhitimisha kwamba moja "inaona mbali zaidi." Hapana, zinaandika tu upeo kwa vipimo tofauti.

Kuhusu kuchagua kati yao, nina msimamo ambao si kila mtu ataupenda. Kuzifananisha modeli kwa jumla ya makosa ya mraba peke yake hakutoshi, na mara nyingi kunapotosha. `fit.variogram` kwa kawaida hupima kila kundi kwa idadi ya jozi ikigawanywa kwa mraba wa umbali, kwa hiyo kundi la kwanza, pamoja na uchache wa jozi zake, lina sauti kubwa. Jozi 57 zikiyumba kidogo, nageti inayumba nazo. Kwa hiyo ninaangalia kwanza tabia ya mstari karibu na sifuri, halafu nauliza kama udongo unaweza kuwa na tabia hiyo. Modeli ya Gauss inadai kwamba kwa umbali mdogo udongo haubadiliki karibu kabisa. Kwa kina cha maji ya chini ya ardhi naweza kukubali. Kwa metali zilizomwagwa na mafuriko kwenye mashimo na matuta, sikubali. Tena Gauss yenye nageti ndogo huleta shida ya kihesabu: matrisi inakuwa karibu haigeuziki, na makadirio yanaweza kupanda juu au kushuka chini ya kipimo chochote ulichonacho.

Na programu ikikuandikia `singular model in variogram fit` au `No convergence after 200 iterations: try different initial values?`, usiipuuze na kuendelea. Mara nyingi inamaanisha kwamba thamani zako za kuanzia ziko mbali mno na grafu, au kwamba data hazioneshi dari yoyote ndani ya umbali uliochagua na unailazimisha ipatikane.

Tukishakuwa na `m`, krigingi yenyewe ni mstari mmoja.

```r
data(meuse.grid)
gridded(meuse.grid) <- ~x+y
k <- krige(log(zinc) ~ 1, meuse, meuse.grid, m)
summary(k$var1.var)
```

Gridi ina seli 3,103 za mita 40 kwa 40. Variansi ya makadirio inaanzia 0.085, ya katikati ni 0.16, ya juu kabisa ni 0.50. Hizi nazo ni za logi, kwa hiyo usiziripoti hivyo zilivyo. Seli ya katikati ina mkengeuko sanifu wa 0.40. Ukizidisha kwa 1.96 na kutoa kwenye logi, unapata mara 2.2. Tuseme makadirio ya seli hiyo ni 5.57 kwa logi, yaani zinki 263. Kiwango cha asilimia 95 kinatoka 120 hadi karibu 580. Kwenye seli yenye uhakika mkubwa kuliko zote, mara hiyo ni 1.8, kwenye ile mbaya kuliko zote, ni 4. Hata pale ramani inapojiamini zaidi, thamani halisi inaweza kuwa karibu mara mbili ya iliyochorwa. Hili linapaswa kukaa ukurasa wa kwanza wa ripoti, si kwenye kiambatisho.

Faida yake inaonekana ukiwa na kikomo cha kuamulia. Chukua 500, namba ya mfano tu. Seli mbili zina makadirio yaleyale ya 263, ila moja ina variansi ya 0.16 na nyingine 0.50. Uwezekano wa kuvuka 500 ni kama asilimia 5 kwa ya kwanza na asilimia 18 kwa ya pili. Kwenye ramani ya makadirio zina rangi moja, na mtu anayeamua wapi watoto wachezee au wapi ng'ombe walishwe hawezi kuzitofautisha.

Sasa fanya jaribio hili. Changanya vipimo vya zinki ovyo, kila sehemu ipewe kipimo cha sehemu nyingine, halafu rudia krigingi kwa modeli ileile.

```r
meuse$z2 <- sample(meuse$zinc)
k3 <- krige(log(z2) ~ 1, meuse, meuse.grid, m)
range(k3$var1.var - k$var1.var)
```

Ramani ya makadirio inakuwa takataka. Ramani ya variansi haibadiliki hata chembe: tofauti ni sifuri kila mahali. Fomula ya variansi ya krigingi ina vitu viwili tu ndani yake, mahali sampuli zilipo na modeli ya variogramu. Vipimo vyenyewe havimo. Vilichangia mapema, wakati wa kuchora variogramu, na baada ya hapo vikatoka chumbani.

Kwa Meuse hilo lina matokeo ya kweli. Karibu na mto zinki inarukaruka, sampuli moja ina mamia kadhaa na jirani yake ana zaidi ya elfu. Mbali na mto vipimo vimetulia. Logi inapunguza tofauti hiyo, haiondoi yote. Lakini variogramu ni moja kwa bonde zima, wastani wa kingo na uwanda. Kwa hiyo ramani ya variansi itakupa uhakika uleule pande zote mbili mradi sampuli zimepangwa vilevile. Weusi unaouona pembezoni na kwenye mapengo unakuonesha mahali ambapo hawakuchimba. Haukuoneshi mahali udongo unapobadilika kwa ghafla.

Jaribio la pili ni fupi zaidi. Zidisha nageti na sehemu ya muundo kwa mbili, acha upeo ulivyo.

```r
m2 <- m
m2$psill <- 2 * m$psill
k2 <- krige(log(zinc) ~ 1, meuse, meuse.grid, m2)
```

Makadirio yanabaki yaleyale, kwa sababu uzito wa majirani unategemea uwiano, si ukubwa. Variansi inakuwa mara mbili kila seli. Ndiyo maana nilisema ramani ya kwanza inasamehe. Mtu anaweza kukuonesha ramani nzuri ya makadirio, hata iliyothibitishwa na sampuli mpya, na bado viwango vyake vya asilimia 95 visiwe na maana yoyote.

Kuna njia ya kukamata kosa hilo, nayo ni kuficha sampuli moja baada ya nyingine na kuikadiria kutoka kwa zilizobaki. `krige.cv(log(zinc) ~ 1, meuse, m)` inafanya hivyo. Watu wengi hutazama `residual` peke yake, ambayo inapima ramani ya kwanza. Kwa ramani ya pili tazama `zscore`: kosa la kila sampuli likigawanywa kwa mkengeuko sanifu ambao krigingi yenyewe ilidai. Modeli ikiwa mkweli, wastani wa mraba wa `zscore` unakuwa karibu na 1. Ukiwa 2, makosa halisi ni makubwa kuliko yaliyodaiwa, yaani ramani inajiamini kupita kiasi. Ukiwa 0.5, inaogopa bure. Tazama pia thamani ya katikati ya miraba hiyo, ambayo inapaswa kuwa karibu na 0.455. Wastani ukiwa 1 barabara huku ya katikati ikiwa 0.2, kuna sampuli chache zenye makosa makubwa zilizoipandisha dari ya variogramu, na uwanda wote mwingine unalipia. Baada ya hapo chora `zscore` kwenye ramani. Namba kubwa zikijikusanya kando ya mto, ndipo utakapoona kwa macho kile ambacho variogramu moja imekificha.

Dawa mojawapo kwa Meuse inajulikana: umbali kutoka mtoni umo kwenye data, na logi ya zinki inashuka karibu kwa mstari ulionyooka ukiulinganisha na kipeuo cha pili cha umbali huo. Ukiandika `log(zinc) ~ sqrt(dist)` badala ya `~ 1`, variogramu inachorwa kwa mabaki tu. Kwa modeli ya kielezo dari inashuka kutoka 0.64 hadi karibu 0.23. Theluthi mbili ya tofauti tuliyokuwa tukiiita ya kubahatisha ilikuwa ni mto. Ila tazama nageti: ilikuwa 0.05, imebaki 0.057. Hilo ndilo jambo linalonikaa kichwani kila ninapoifungua data hii. Umbali wa mto haukuigusa, kwa sababu nageti ni habari ya mita chache, na mita chache hatuna.

Sampuli mbili zilizokaribiana kuliko zote zimeachana kama mita 44. Chini ya hapo mstari wa modeli ni dhana tupu, mkia uliorefushwa kutoka kwenye zile jozi 57. Krigingi inauchukua kama ukweli, na uhakika wa kila seli iliyo jirani na sampuli unatoka hapo. Uhakiki wa kuficha sampuli nao hausaidii, kwa kuwa jirani wa karibu kabisa wa sampuli iliyofichwa yuko mita 44 au zaidi. Isitoshe, nageti imechanganya mambo mawili, kosa la maabara na mabadiliko halisi ya udongo ndani ya umbali mdogo. Kuyatenganisha kunahitaji sampuli zilizopimwa mara mbili, si ujanja wa programu.

Kwa kuwa variansi haihitaji vipimo, unaweza kuihesabu kabla ya kuchimba: ongeza sehemu unazofikiria kuchukua, toa ramani mpya, linganisha. Ukiiachia ramani hiyo ikuchagulie, itakutuma kila mara kujaza mapengo na pembe, kwani ndiko variansi inakoshuka haraka. Haitakuambia hata siku moja uende karibu na sampuli uliyonayo, kwa sababu haijui kwamba modeli yake ya mita chache ni ya kukisia. Mimi ningepewa bajeti ya sampuli ishirini zaidi pale Stein, kumi ningezipeleka kwenye mapengo na kumi ningeziweka pembeni mwa sampuli za zamani, nusu kando ya mto na nusu uwandani, mita 20 hadi 30 kutoka kila moja. Karibu zaidi ya hapo haifai: kila sampuli ya Meuse ni mchanganyiko wa udongo uliokusanywa kwenye eneo la takribani mita 15 kwa 15, kwa hiyo ukiweka ya pili mita 10 tu kutoka ya kwanza, utakuwa unachota kwa sehemu udongo uleule.